Siri za nyumbani na kikao cha kwanza cha mshauri nasaha

*Shangazi, tangu baba afariki mwaka jana sipati usingizi, na mara nyingine hujifungia chooni kazini nikalia. Rafiki yangu ananihimiza nimwone mshauri nasaha, lakini mama anasema huko huenda wenye wazimu, na kaka yangu anasema siri za nyumbani hazitolewi nje. Nina miaka 26 na bado naishi nao. Isitoshe, sijui nikishaingia mle ndani nitaulizwa nini.*

Mwanangu, pole sana kwa msiba.

Nianze na kauli ya kaka yako, kwa sababu hofu yake ndiyo inayogusa jambo la kwanza ambalo mshauri aliyesomea kazi yake hulizungumza, kabla hata hujaanza kueleza yako. Atakwambia kwamba utakayoyasema hayatoki humo, kisha atakutajia hali chache zinazoweza kumlazimu kuwaarifu wengine: ikiwa maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, ikiwa kuna mtoto anayedhulumiwa, au ikiwa mahakama itaamuru. Mwombe akufafanulie sheria ya mahali mlipo inasemaje. Huenda pia akakueleza kwamba hujadili kazi yake na msimamizi wake wa kitaaluma bila kumtaja mtu kwa jina. Ugomvi wa urithi, ukali wa marehemu au maneno ya mama yako hayamo katika hali hizo. Mshauri akilipita suala hili kimya, muulize. Na akikujibu kwa kubabaisha, tafuta mwingine.

Nikuambie ukweli, siri ya aina hii mara nyingi huvujia kwenye mambo madogo ya nje ya chumba. Katika fomu utakayojaza kuna nafasi ya jina na simu ya mtu wa kupigiwa dharura inapotokea, na wengi huandika jina la mama kwa mazoea. Wewe unaweza kumwandika rafiki yako huyo, baada ya kumwomba ridhaa. Eleza pia kama ujumbe wa kukukumbusha miadi utumwe kwenye simu yako au usitumwe kabisa, hasa ikiwa simu hiyo hushikwa na wengine nyumbani. Na kama bima yako ya afya imeandikishwa kwa jina la mtu wa familia, uliza mapema iwapo taarifa ya malipo itamfikia yeye.

Kikao chenyewe kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa moja, nanyi mtakuwa mmekaa vitini mkizungumza. Ataanza na swali pana, kama vile nini kimekuleta wakati huu, na hulazimiki kumsimulia maisha yako tangu utotoni. Kwako wewe ingetosha kusema, "Baba alifariki mwaka jana, tangu hapo silali, na nalia kazini." Hapo atakuuliza unapanda kitandani saa ngapi na unaamka saa ngapi, unakula vipi, kama unatumia dawa au kileo, na nani unayeweza kuzungumza naye. Karibu na mwisho, au hata mapema, anaweza kukuuliza waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke ukadhani amekuona umeharibikiwa, kwani swali hilo huulizwa mara kwa mara katika kikao cha kwanza. Lijibu kwa kweli. Na kama mawazo hayo unayo hivi sasa, usingoje miadi: mwambie rafiki yako leo, akupeleke hospitali.

Swali lolote usilotaka kulijibu, mwambie, "Hilo bado siko tayari," naye ataliacha. Ukilia, atangoja. Kabla hujaondoka mtakubaliana unataka nini kibadilike, na mtakutana kila baada ya muda gani. Wengi huanza na mara moja kwa wiki. Usitarajie kutoka ukiwa mwepesi, kwa maana wengine hutoka wamechoka na huzuni imewazidi kwa siku hiyo, kwa hiyo usiweke miadi katikati ya siku ya kazi kama unaweza kuiepuka.

Kuhusu mama, sioni haja ya kubishana naye juu ya wazimu. Una umri wa kujiamulia, na ridhaa yake haihitajiki. Akikuuliza unakwenda wapi, mjibu kwamba unakwenda kumwona mtaalamu kuhusu usingizi uliokupotea tangu msiba. Huo ni ukweli, na pengine yeye mwenyewe halali.

Mpe mshauri huyo vikao viwili au vitatu. Ukiona bado unapima kila neno kabla ya kulitamka, mweleze hivyo, au umwombe akuelekeze kwa mwenzake. Wao wamezoea kuombwa hivyo, wala si utovu wa adabu.