Kampuni ikikuuliza "bei yako sh ngapi", usitaje namba kwanza

Mimi nina chaneli ya ufugaji wa kuku YouTube, sio kubwa ya kutisha, na kila wiki hapa naulizwa inbox na wenzangu wa kontenti "kaka kampuni fulani wanataka niwaongelee ndani ya video, niwachaji sh ngapi?" Wengi wanataka niwape namba moja afu waende. Namba moja haipo, ila njia ya kuipata ipo, na ntaieleza kwa dili halisi niliyofanya na jamaa wanaouza mashine za kutotolesha vifaranga, maana pale mambo yote matatu yalikutana: watazamaji, aina ya chaneli na haki za matumizi.

Tuanze na watazamaji. Sahau subskraiba, sponsa anayejua kazi yake hata haulizi. Ingia YouTube Studio, chukua video zako kumi za mwisho ambazo zimeshafikisha siku 30, na kila moja uangalie ilitazamwa mara ngapi ndani ya hizo siku 30 za mwanzo tu (unaweka tarehe mwenyewe, kuanzia siku uliyopandisha). Za kwangu kipindi kile zilikuwa hivi: 6,800, 8,900, 9,400, 10,200, 11,500, 12,100, 12,700, 14,000, 16,300, na moja ya ugonjwa wa mdondo ikalipuka mpaka 91,000. Ukipiga wastani wa shule unapata elfu 19 na ushee, unafurahi, unamwandikia sponsa elfu 19, afu video yake inaishia elfu 12 na hapo ndo simu zinaanza. Video tisa kati ya kumi hazijafika hata elfu 17, hiyo elfu 19 imeletwa na video moja tu. Panga kuanzia ndogo kwenda kubwa uchukue ya katikati. Kwangu inaangukia katikati ya 11,500 na 12,100, yani 11,800, nikaandika elfu 12.

Angalia pia grafu ya watu wanavyoondoka kwenye video. Kama ikifika dakika ya sita nusu ya watu washasepa, tangazo la dakika ya sita umeuza watazamaji ambao hawapo. Mimi naliweka kati ya dakika ya pili na ya tatu, na nawaambia kabisa sehemu hiyo inabaki na watu asilimia ngapi. Na nchi nazo, kwa sababu Kiswahili kinavuka mipaka: mimi robo ya watu wangu wako Kenya, sasa kama kampuni haiuzi nje ya Tanzania italeta hiyo hoja mezani, bora uitaje wewe mwanzo kuliko ikukamate nayo.

Sasa bei ya watazamaji elfu moja, wenyewe wanaiita CPM. Hapa ndo aina ya chaneli inapoingia na watu wanachanganya sana, wanasema "mambo ya fedha na teknolojia yanalipa, komedi hailipi" kama vile imeandikwa sehemu. Mimi najiuliza swali moja tu, huyu sponsa akinilipa anahitaji kuuza vitu vingapi hela yake irudi? Yule wa mashine, kwa mazungumzo yetu, alikuwa anabaki na kama laki na nusu kwa mashine moja. Nikimchaji sh 40,000 kwa kila watazamaji elfu, mara 12, ni 480,000. Yani akiuza mashine nne tu ameshatoka na faida, kwa watu elfu 12 ambao wamekuja wenyewe kuangalia habari za vifaranga. Hiyo inawezekana kabisa, na kwenye dili za nyuma nilikuwa nimempa kila sponsa namba yake ya WhatsApp ya kutajwa kwenye video yangu peke yake kwa hiyo nilijua wangapi huwa wanapiga. Sasa chukua soda ambayo muuzaji anabaki na sh 100 kwa chupa, hela ileile 480,000 inataka chupa 4,800, karibu nusu ya watazamaji wangu wote wanunue. Kampuni ya soda ikinilipa bei hiyo inajiumiza, na haitarudi tena. Soda inamfaa mtu wa komedi mwenye watu laki tano, kwa bei ndogo kwa elfu lakini mzigo mkubwa.

Mpaka hapo tumeuza tangazo ndani ya video yako, basi. Haki za matumizi ni biashara nyingine kabisa, na ndo wengi wanaigawa bure bila kujua.

Jamaa wa mashine walinitumia mkataba, ofa 600,000 kwa kila kitu. Ndani kuna kakipengele kwamba wanaweza kukata kipande changu na kukitumia "kwenye vyombo vyote, bila ukomo wa muda", na kingine nisitangaze mashine za mtu mwingine miezi mitatu. Soma tena hapo, bila ukomo. Wakiweka hela Facebook na Instagram sura yangu inaweza kuonwa na watu laki saba, wakati mimi nimelipwa kwa hesabu ya elfu 12. Na muuzaji mwingine wa mashine akiniona humo kila siku hanitafuti tena hata kama mkataba umeisha. Kwa hiyo haki unaipangisha kama chumba, kwa mwezi, na mwezi ukiisha wanatoka au wanalipa tena.

Nilivyowajibu ni hivi, kila kitu mstari wake. Tangazo ndani ya video 480,000. Kutumia kipande kwenye matangazo ya kulipia, asilimia 30 ya hiyo kwa mwezi, yani 144,000, kwa miezi mitatu 432,000. Kutofanya kazi na washindani wao miezi mitatu 240,000, kwa sababu kwa uzoefu wangu muuzaji mwingine wa mashine huwa anaweza kuja ndani ya kipindi hicho au asije, nikaweka nusu ya bei. Jumla 1,152,000. Kuposti tu kipande kwenye ukurasa wao bila kukilipia kitangazwe, siku 30, hiyo niliwapa bure, haina madhara. Asilimia 30 sio sheria, wapo wanaochaji 20 wapo 50, mimi napanda kama wanataka na mabango au TV.

Wakasema bajeti haifiki. Hapo usishushe bei, toa kitu. Kipengele cha washindani kikaondoka, matangazo ya kulipia yakabaki mwezi mmoja, tukasaini 624,000, nusu kabla ya kushuti. Kama wanakata kodi ya zuio asilimia 5, dai cheti chake, na hakikisha mmekubaliana bei ni kabla ya makato.

TikTok kuna mtego wake. Wakitaka kulipia video kutokea akaunti yako watakuomba code ya Spark Ads, ile namba ndefu, na wakati wa kuitengeneza unachagua siku 7, 30, 60 au 365. Wamelipia mwezi, chagua 30, sio 365 eti "isije ikasumbua".

Na muda ukiisha nenda kwenye Ad Library ya Meta, iko wazi kwa kila mtu, chagua nchi, andika jina la ukurasa wao uone matangazo yanayoendelea. Kuna kampuni moja ya chakula cha kuku niliikuta bado inanirusha wiki kadhaa baada ya tarehe. Sikugombana, nilipiga picha ya skrini ikionyesha tangazo na siku lilipoanza, nikaambatanisha na ankara ya mwezi mwingine, nikawaandikia "naona mmeongeza muda, hii hapa ankara". Wakalipa.