Barua ya kazi imefika Wasapu: namna ya kuikagua kabla hujatuma hela

Nina steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, na wateja wangu wengi ni watafuta kazi. Wanakuja kuchapa sivii, kuskani vyeti na kutuma maombi. Kwa sababu hiyo barua za kuitwa kazini zinapita mikononi mwangu kila wiki, za kweli na za uongo. Za uongo zinazoumiza watu zaidi ni za aina moja: inakuja na nembo ya shirika kubwa, inakupa kazi, halafu inaomba hela ndogo. Haiombi laki tano. Inaomba elfu thelathini au arobaini, kiasi ambacho mama yako kule Tukuyu anaweza kukikopa kwa jirani jioni hiyohiyo.

Nitaeleza barua moja niliyoikagua, kwa sababu karibu kila alama ya utapeli wa aina hii ilikuwamo.

Binti mmoja alikuja Ijumaa jioni, nikiwa nakaribia kufunga.

"Shikamoo dada. Naomba unichapie hii, nimeitwa kazini."

"Marahaba mdogo wangu. Hongera. Ulifanya usaili wapi?"

"Usaili ulikuwa wa kwenye simu. Walinitumia maswali nikayajibu kwa meseji."

Kazi yenyewe ilikuwa karani wa stoo, kituo Chunya, mshahara 850,000 kwa mwezi pamoja na nyumba. Barua ilimtaka atume 38,500 za vipimo vya afya na kitambulisho cha kazi kabla ya saa mbili usiku, hela ambayo eti angerudishiwa kwenye mshahara wa kwanza. Chini kulikuwa na muhuri, sahihi ya meneja rasilimali watu, na namba ya simu ya kutumia hela.

Nilianza na hiyo hela, kwa sababu hapo ndipo pa kuanzia siku zote. Waajiri wa kweli nao huwa wanataka mtu apime afya, hilo si la ajabu. Lakini wa kweli anakwambia nenda hospitali fulani, unapimwa huko, unalipa dirishani au mwajiri ndiye analipa, na risiti unabaki nayo wewe. Hakuna sababu ya hela ya vipimo kupita kwenye simu ya meneja. Hivyohivyo kwa sare, bima, mafunzo, "kufungua faili" na nauli ya gari la kampuni: majina yanabadilika, ila safari ya hela ni ileile, kutoka kwako kwenda kwenye laini ya mtu. Hata wakala wa ajira mwenye kibali cha Kamishna wa Kazi haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Anayemlipa ni mwajiri. Kwa kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, unaomba bure kwenye portal.ajira.go.tz, na wanaoitwa kazini wanatangazwa kwa majina kwenye tovuti yao. Na hata serikali inapotoza ada ya huduma nyingine yoyote, unapewa kontroo namba. Huambiwi "tuma kwenye namba hii."

Nikamwambia binti tuangalie hiyo namba ni ya nani. Kwenye huduma za kutuma hela, ukishaingiza namba na kiasi, jina la mwenye laini linatokea kabla muamala haujakamilika. Likishatokea unaghairi, huweki namba ya siri. Barua ilisainiwa na mwanamume, jina lililotokea likawa la mwanamke, na halikuonekana popote kwenye barua. Alipowauliza, jibu likaja haraka: "Huyo ni mhasibu wetu." Angalia hapo. Jina tofauti peke yake si ushahidi wa mwisho, kwa sababu tapeli naye anaweza kuwa na laini yenye jina linalofanana na la kwenye barua. Lakini shirika linaloajiri watu na kuwapa nyumba halikusanyi hela kwenye laini ya mhasibu.

Kisha nikaifungua ile barua kwenye kompyuta na kuikuza. Hili hata wewe unaweza kulifanya kwenye simu kwa vidole viwili. Maandishi yalibaki makali, lakini nembo ilivunjika ikawa vimiraba vimiraba, maana ilinyofolewa kwenye mtandao ikabandikwa. Muhuri ulinishtua zaidi. Muhuri wa kugongwa kwa mkono haufanani mara mbili: wino unazidi upande mmoja, unapungua mwingine, na mkono haulengi pembe ileile. Huu ulikuwa umeinama vilevile, na una mkato mdogo kwenye duara mahali palepale, kama muhuri wa barua nyingine niliyoletewa kabla yake na kijana wa Uyole. Ile ilikuwa ya kampuni tofauti kabisa. Picha moja ya muhuri, jina la katikati limebadilishwa.

Sasa tahadhari: barua nzuri haithibitishi chochote. Matapeli wengine wanachukua barua halisi ya kampuni na kubadilisha jina na namba ya simu tu. Hiyo ukiikuza itabaki safi. Ukaguzi wa macho unaweza kukuonyesha uongo, lakini hauwezi kukuonyesha ukweli.

Anwani ya barua pepe nayo iko hivyohivyo. Jina linaloonekana juu, kwa mfano "Idara ya Ajira", mtu anaandika analotaka. Gusa hilo jina, utaona anwani yenyewe, na kinachokuhusu ni maneno yaliyo baada ya alama ya @. Ya binti iliishia na @gmail.com. Duka la mbao Mafinga likitumia anwani ya namna hiyo sishangai, biashara nyingi za huku kwetu ndivyo zinavyofanya. Shirika kubwa lenye tovuti yake lina anwani za tovuti hiyo, na taasisi ya serikali inaishia na .go.tz. Wajanja zaidi wanasajili anwani inayokaribia ya kweli, wanaongeza kistari au neno "jobs" katikati, kwa hiyo isome herufi kwa herufi. Kisha bonyeza kujibu na uangalie jibu linakwenda wapi. Kama barua imetoka anwani moja na jibu linapelekwa nyingine, simama hapo.

Kuna njia moja ambayo naiamini kuliko zote hizi: wahakikishe kwa mlango ambao wao hawakukufungulia. Namba iliyo kwenye barua itapokelewa na aliyeandika barua. Kiungo walichokutumia kitakupeleka kwenye tovuti waliyoitengeneza wao. Ukiwauliza kama ni wa kweli, wanajithibitisha wenyewe. Kwa hiyo ziweke pembeni namba zote ulizopewa. Tafuta jina la shirika mwenyewe kwenye Gugo, fungua tovuti yao, angalia kama nafasi hiyo imetangazwa, kisha piga namba ya ofisi iliyoko pale. Sema maneno mafupi: "Nimepokea barua ya ajira yenye jina lenu, ya nafasi ya karani wa stoo. Je, imetoka kwenu?" Hawatakasirika. Mashirika yenye jina kubwa yamechoka kutumiwa na matapeli kuliko wewe ulivyochoka kutafuta kazi.

Kama ni mgodi, shamba la parachichi au kampuni ya huku kwetu, mlango huo unaweza kuwa mlango wa kweli. Tafuta mtu wa hapohapo Chunya, Njombe au Makambako aulize. Dereva wa basi la kwenda huko, fundi, binamu, yeyote anayejua kama ofisi hiyo ipo na kama inaajiri. Nimeona barua iliyotaja jengo ambalo wakazi wa mtaa huo hawalijui.

Watu wengine wananiambia wamehakiki BRELA. Ni vizuri, kwenye ors.brela.go.tz unaweza kutafuta kama jina la kampuni limesajiliwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana msajili wake, kwa hiyo usiyatafute BRELA ukadhani hayapo. Lakini elewa usajili unajibu swali gani. Unakwambia kampuni ipo. Haukwambii kwamba aliyekuandikia Wasapu anatoka kwenye kampuni hiyo. Tapeli mzoefu anatumia jina la kampuni iliyosajiliwa makusudi, ili ukihakiki upate majibu mazuri.

Binti hakuweza kupiga simu ofisini jioni ile kwa sababu ilikuwa Ijumaa na ofisi zimeshafungwa. Hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sasa nalihesabu kama alama: barua inafika wakati huwezi kumuuliza mtu, na mwisho wa kulipa ni kabla Jumatatu haijafika. Tulichofanya ni kuwaandikia hivi: "Nashukuru. Nitakuja na hela taslimu Jumatatu asubuhi nilipe ofisini na nipewe risiti." Kama kazi ni ya kweli hapo hakuna anayepoteza kitu. Walijibu kwamba ofisi haipokei hela taslimu na nafasi inapewa mwingine. Kisha, bila kuulizwa, wakashusha bei: atume elfu ishirini kwanza, iliyobaki ataimalizia. Gharama ya vipimo vya hospitali haishuki kwa kubembelezana. Hapo binti mwenyewe akaniambia, "Dada, usichape."

Jumatatu alipiga simu makao makuu kwa namba ya kwenye tovuti. Wakamjibu hawana nafasi hiyo, na hawajawahi kumwandikia.

Hela haikutoka, lakini tayari alikuwa ameshawatumia picha ya kitambulisho cha NIDA na vyeti. Nilimwambia apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asimpe mtu namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yake, hata anayejitambulisha kama mtoa huduma. Wala asikubali kuweka kidole kwenye kifaa cha mtu asiyemjua kwa maelezo kwamba ni "usajili wa ajira". Laini husajiliwa kwa alama ya kidole, na hicho ndicho wanachokuwa bado hawana.

Kama wewe hela umeshatuma, usianze kubishana nao. Piga 100 kwa mtandao wako papo hapo, uwape namba ya muamala na uombe uzuiwe. Ikiwa aliyepokea hajaitoa, kuna nafasi ya kuipata. Akishaitoa kwa wakala, ni vigumu sana, na hapo kila dakika ina maana. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Usifute mazungumzo, nenda nayo polisi ukachukue RB. Na akitokea mtu wiki inayofuata anayesema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, usimjibu, maana namba yako ameipata kwa walewale.