Shukrani kwa aliyemaliza kero ya bili

*Shikamoo shangazi. Nililetewa bili kubwa ya maji kwa muda mrefu, nikilalamika naambiwa bomba linavuja. Hatimaye dada wa huduma kwa wateja alikuja mwenyewe, akakuta dira yangu na ya jirani zimepishana kwenye kumbukumbu zao. Kutoka uniti 27 kwa mwezi nimeshuka hadi 8. Nimwandikieje kumshukuru?* (Mama wa Gungu, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Andika kazi aliyoifanya. Ukiandika "una roho nzuri" atafurahi, lakini mkuu wake hataona kilichofanyika. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ulikuwa unalipia kama ndoo 45 za lita ishirini kila siku! Wa kwanza kushtuka alipaswa kuwa msoma mita.

Kosa la namna hii hugundulika kwa kufunga koki zote za nyumba yako na kuitazama dira inayosomwa kwa jina lako. Ikiendelea kuzunguka, huenda maji yanavuja, au yanatumika kwa jirani. Jirani naye akifunga, ikasimama palepale, jibu limepatikana. Kinachobaki ni kulinganisha namba iliyo kwenye dira na ile ya kwenye bili.

Basi mwandikie hivi: "Dada, ahsante. Ulikuja nyumbani, ukafunga koki, ukalinganisha namba za dira na kukuta zimepishana. Bili yangu imetoka uniti 27 hadi 8, na tofauti umeniahidi itapunguzwa kwenye deni." Weka tarehe aliyokuja na namba ya akaunti yako. Kama hakuahidi kupunguza deni, sentensi hiyo iache. Jina la jirani usilitaje. Bili yake sasa itapanda, na hapo mtaani bado mnaishi wote.

*Mhudumu wa maji aliyenisaidia nataka kumpelekea mgebuka wakavu kidogo. Kuna ubaya?* (Baba wa Kibirizi)

Usimpelekee, kaka. Zawadi kwa mtumishi aliyetimiza kazi yake inaweza kumletea maswali ya rushwa, hata kama wewe nia yako ni safi. Peleka barua kwa meneja wake, nakala umpe yeye. Mgebuka kuleni nyumbani.

*Nilishamshukuru dada wa maji aliyerekebisha dira yangu, bili mpya imekuja na deni lilelile la zamani. Nitaonekana sina shukrani nikirudi kulalamika?* (Binti wa Ujiji)

Rudi tu, lakini kwanza isome bili vizuri. Usomaji wa awali unapaswa kuendelea kutoka kwenye namba ya dira yako halisi, na punguzo lionekane kwenye mstari wake. Mara nyingine dira imesahihishwa lakini malimbikizo hayajaguswa, kwa kuwa kuyapunguza kunahitaji idhini ya mtu mwingine ofisini. Jibu ujumbe wako uleule wa shukrani, uambatishe picha ya bili na picha ya dira, umuulize: "Dada, punguzo limefikia kwa nani?"