Mbona kizidishi cha pesa kinatoka 4 na si 10?

Tulifunzwa kizidishi ni 1 gawanya kwa akiba ya lazima. Sasa mtihani umekuja na uwiano wa keshi pia, naona giza tu. (Kasarani)

Hiyo ya 1/r inakubali tu kama kila shilingi inarudi benki, yaani hakuna mtu anabaki na hata soo mfukoni, na hiyo Nairobi haipo. Ukiongeza keshi fomula inakuwa hivi:

```
m = (1 + c) / (r + c)
```

r ni akiba ya lazima kwa kila shilingi ya amana, c ni keshi iliyo mikononi mwa watu kwa kila shilingi ya amana. Weka r = 0.10 na c = 0.20, unapata 1.20 / 0.30 = 4, wakati ile ya 1/r ingekupa 10. Usiimeze hivyo hivyo lakini, isome kidogo. Juu kuna bob moja ya amana na senti 20 za keshi, hiyo ndio pesa yote ya watu. Chini kuna ile pesa ya msingi inayobeba hiyo yote: senti 10 benki imefungia, senti 20 ziko mfukoni. Kwa hivyo senti 30 za msingi zinabeba 1.20.

Sawa, lakini inafanyika aje? Nani anachapisha hizo zingine? (Umoja)

Hakuna anayechapisha, ni mikopo. Tuseme Benki Kuu imeingiza 12,000 mpya zikamfikia mama wa mitumba Gikomba. Kwa c ya 0.20 anabaki na 2,000 keshi na anaweka 10,000 benki (2,000 ni asilimia 20 ya 10,000, si ya 12,000, hapo shika). Benki inafungia 1,000 inakopesha 9,000 kwa fundi wa viti, fundi analipa mwenye mbao, na huyo wa mbao anabaki na 1,500 anaweka 7,500. Benki tena inafungia 750, inakopesha 6,750, na safari inaendelea.

Cheki amana: 10,000, halafu 7,500, halafu 5,625. Kila raundi ni 0.75 ya ile ya nyuma, so jumla ni 10,000 / 0.25 = 40,000. Keshi ni asilimia 20 ya hizo, yaani 8,000. Jumla 48,000, na 12,000 mara 4 ni hiyo hiyo.

Ukitaka kujua kama umekosea, rudi kwa msingi: akiba 4,000 plus keshi 8,000 ni 12,000. Ikikataa kurudi pale ulipoanzia, kuna mahali umechapa vibaya.

Swali lilisema watu wanashika asilimia 20 ya pesa zao zote kama keshi, nikaweka c = 0.20, nikapigwa X. Kwani? (Rongai)

Huo mtego hunasa wengi sana. "Pesa zote" ni keshi na amana pamoja, lakini c inataka keshi juu ya amana peke yake. Kama 20 kwa 100 ni keshi basi amana ni 80, c ni 20/80 = 0.25. Kizidishi ni 1.25 / 0.35, kama 3.57, si 4. Soma swali mara mbili kabla ushike kalkuleta.

Benki Kuu ilishusha akiba ya lazima, mbona huku mtaani hatuoni mafuriko ya pesa? (Kayole)

Mwezi wa pili 2025 ilitoka asilimia 4.25 ikawa 3.25. Ukitumia 1/r utadhani kizidishi kimeruka kutoka 23.5 hadi 30.8, na hapo kila mtu angekuwa tajiri. Sasa weka keshi, tubaki na ile 0.20 yetu ya mfano: 1.20 / 0.2425 ni 4.95, na 1.20 / 0.2325 ni 5.16. Imesonga kidogo tu! Keshi ikiwa kubwa kuliko akiba, yenyewe ndio inatawala sehemu ya chini, akiba unaishusha lakini ni kama hujafanya kitu. Halafu benki ikiamua kufungia zaidi ya ile ya lazima kwa sababu inaogopa wakopaji, hiyo ziada pia inaongezwa chini na kizidishi kinashuka tena.

Pesa ya M-Pesa naiweka wapi, ni keshi? (South B)

Hapana. Pesa iliyo kwa simu inalindwa na pesa iliyowekwa benki kwa akaunti ya dhamana, kwa hivyo ihesabu upande wa amana. Ila ukimpa ajenti noti ya 1,000, yeye anakutumia floti yake na noti inabaki kwa droo, so kwa muda huo ni keshi tu imebadilisha mikono. Ajenti akiipeleka benki kununua floti ingine, hapo ndio c inashuka.