Kokoto mbili, saruji pungufu: nilivyoumia kabla sijajua kupima

Juzi msomaji ameniandikia kwamba alichanganya kokoto kubwa na ndogo nusu kwa nusu, akapunguza saruji kama alivyosikia, na zege lake sasa linapukutika ukilikwaruza kwa msumari. Niliposoma ujumbe wake nilinyamaza kidogo, maana yaliyompata yalinipata mimi.

Nilikuwa msimamizi kijana. Tulikuwa tukitumia kokoto za milimita 20 peke yake, na saruji kilo 370 kwa kila mita ya ujazo. Nikasikia kwamba ukitia kokoto za milimita 10 zinaziba mapengo, saruji inapungua. Nikatia nusu kwa nusu, nikashusha saruji hadi kilo 320, maji nikayaacha lita 185 vilevile. Vipande vya majaribio vilipovunjwa siku ya 28, nguvu haikufika. Mhandisi alinisema mbele ya vibarua wangu wote, na tukabomoa nguzo mbili. Miaka imepita lakini sauti za nyundo zile bado nazisikia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutopima. Siku hizi kazi haianzi kabla sijashika ndoo ya lita 20. Naloweka kokoto, nazichuja maji, kisha nazijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka nikiligongagonga kwa nondo, na juu nasawazisha. Halafu namimina maji kwa chombo chenye alama mpaka yafike ukingoni. Maji yaliyoingia ndiyo ukubwa wa mapengo. Kokoto za milimita 20 peke yake zilikunywa lita 9. Nilipochanganya mafungu mawili ya kubwa na fungu moja la ndogo, ziliingia lita 7.9. Nusu kwa nusu ikarudi lita 8.3.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kokoto ndogo ikikaa kwenye pengo inaliziba. Ikizidi, haina tena pengo la kukaa, inaingia katikati ya kubwa mbili na kuzisukuma ziachane. Unakuwa umefungua mapengo mapya, tena umeongeza eneo la mawe linalotaka kupakwa uji wa saruji. Mawe ya kwako yanaweza kutaka uwiano mwingine, kwa sababu umbo lake si sawa na la kwangu, kwa hiyo jaribu uwiano wa aina tatu au nne, uchukue ule uliokunywa maji kidogo zaidi.

Kosa la pili ndilo lililonibomolea nguzo, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Mapengo yakipungua, kinachopungua kwanza ni maji. Zege linateleza vilevile kwa maji machache, na saruji inafuata maji hayo. Mimi nilipunguza saruji na kuyaacha maji, kwa hiyo uwiano wa maji kwa saruji ukapanda kutoka 0.5 hadi karibu 0.58, na zege likadhoofika. Hakuna kokoto itakayookoa zege la namna hiyo, ndugu zangu.

Mwezi uliopita tulimwaga sakafu ya mita za ujazo 40. Kwa mchanganyiko wa mbili kwa moja, maji yalishuka kutoka lita 185 hadi 170, na tulipoinua koni ya kupimia ulaini, zege lilishuka kiasi kilekile cha zamani. Nikagawanya maji hayo kwa 0.5 ileile: saruji kilo 340. Tuliokoa kilo 30 kila mita, yaani mifuko 24 ya kilo 50 kwa sakafu nzima, na safari hii vipande vya majaribio vilifika nguvu tuliyoitaka. Nilijivunia, sifichi.

Kuna jambo watu husahau: ukiondoa kilo 30 za saruji na lita 15 za maji, ujazo wa zege unapungua karibu lita 25. Nafasi hiyo tuliijaza kwa kokoto, kama kilo 65. Usipoijaza, utashangaa zege limekwisha kabla sakafu haijaisha. Na kama michoro imeweka kiwango cha chini cha saruji ili kulinda nondo zisishike kutu, usishuke chini yake hata ndoo ikikuambia vinginevyo.

Mafungu ya kokoto kubwa na ndogo yakae mbalimbali, kila moja lipimwe kwake wakati wa kuchanganya. Ukizirundika pamoja mapema, kubwa zinaviringika mpaka chini ya lundo na ndogo zinabaki juu. Mchanganyiko wa kwanza utakuwa na mawe matupu, utapata zege lenye matundu kama sega la nyuki.

Kwa msomaji wangu: ulisema kokoto zako ndogo zina vumbi. Zitie kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, uache zitulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya kokoto, zioshe, maana vumbi hilo linanyonya yale maji uliyotaka kuyapunguza. Kisha pima ndoo upya, na ufanye hivyo kila lori jipya linapomwaga.