Keshia auze, meneja pekee afute risiti au apunguze bei

"Nimetengeneza mfumo wa mauzo ya duka kwa PHP na MySQL. Keshia nimemfichia kitufe cha kufuta risiti, lakini bado zinafutika. Nimekosea wapi?"

Ndugu, kuficha kitufe hakuzuii kitu. Anayeijua anwani ya ukurasa wa kufuta ataiandika mwenyewe kwenye kivinjari, na seva itatii kwa kuwa haimuulizi yeye ni nani. Weka ukaguzi mwanzoni kabisa mwa faili linalofuta:

```php
session_start();
if (($_SESSION['cheo'] ?? '') !== 'meneja') {
    http_response_code(403);
    exit;
}
```

Jaribu kwa kuingia kama keshia kisha kufungua anwani hiyo moja kwa moja. Ukiona 403, umeziba.

Tundu la pili ni bei, na wengi hulisahau. Ukurasa wa keshia utume namba ya bidhaa na idadi tu. Bei seva iisome yenyewe kwenye jedwali la bidhaa. La sivyo, kitu cha 3,000 kitauzwa 2,500 bila punguzo lolote kuandikwa.

Na risiti usiifute kabisa. Kwa mauzo ya 18,000, ongeza mstari wa -18,000 wenye sababu, muda, jina la keshia na la meneja aliyeidhinisha. Meneja aombwe PIN yake kwa kila tukio. La sivyo, akiingia kwenye kompyuta ya keshia na kusahau kutoka, ulinzi wote umekwisha.

Kama uko Tanzania na risiti ya EFD imeshatoka, kurekebisha mfumo wako hakubadilishi kilichofika TRA. Hapo muone mhasibu.