Maswali na majibu: Kuwahi mlipuko au kuhesabu wagonjwa wote?

Kituo chetu kimeteuliwa kufuatilia mafua, na sasa tunaambiwa pia tutume idadi ya wenye homa na wenye kuhara kila siku. Si kazi ileile mara mbili?

Hapana, ingawa rejesta inaweza kuwa moja. Kama kituo teule, mnachukua wagonjwa wachache kwa uangalifu mkubwa. Mgonjwa anayeingia ni yule mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10 zilizopita. Mnampangusa pua au koo, sampuli inakwenda maabara, na baada ya siku kadhaa mnajua ni kirusi gani. Taarifa hiyo huchelewa lakini ina undani. Ndiyo inayowezesha kujua aina za virusi zinazozunguka na kuchagua chanjo ya msimu ujao.

Ile idadi ya kila siku ya homa na kuhara ni ufuatiliaji wa dalili, nao hausubiri jina la ugonjwa. Unahesabu malalamiko kama mgonjwa alivyoyasema mapokezini: kuhara, homa yenye vipele, kubanwa kifua. Unaweza hata kuhesabu dawa za kuzuia kuhara zilizouzwa, au watoto wasiofika shuleni. Namba hizo ni chafu, lakini zipo mezani siku hiyohiyo.

Mkuu wangu anasema hatuwezi kutangaza lolote mpaka ripoti za vituo vyote zitimie. Mimi nina theluthi tu ya vituo. Nani yuko sahihi?

Inategemea kama kuna hatua ambayo thamani yake inapungua kila siku inayopita. Tazama yaliyotokea Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Mwishoni mwa Machi, maji kutoka mtambo mmoja wa kusafisha yalianza kuwa na ukungu kuliko kawaida. Aprili 5 idara ya afya ilipata habari kwamba watu wengi, wakiwemo wafanyakazi wa hospitali, walimu na wanafunzi, hawakufika kazini na shuleni kwa sababu ya kuharisha. Maduka ya dawa nayo yalikuwa yakiuza dawa za kuzuia kuhara kwa wingi. Maabara wakati huo zilikuwa kimya, na kwa sababu ya kueleweka: kimelea chenyewe, kriptosporidiamu, hakikuwa kinatafutwa katika vipimo vya kawaida vya choo. Kilipotafutwa makusudi kilionekana, na jioni ya Aprili 7 wakazi wakaambiwa wachemshe maji. Siku mbili baadaye mtambo ukafungwa.

Mtu anayesubiri kesi zilizothibitishwa angesubiri nini hapo? Kimelea hicho hukaa mwilini takriban wiki moja kabla ya kuleta dalili, kwa hiyo wanaougua leo walikunywa maji ya wiki iliyopita. Walioambukizwa jana bado wako wazima na hawamo katika ripoti yoyote, hata ingetimia kiasi gani.

Baadaye ilikadiriwa kuwa watu 403,000 waliugua. Namba hiyo haikutoka kwenye rejesta za hospitali. Ilipatikana kwa kupigia simu kaya zilizochaguliwa kwa nasibu na kuuliza nani aliharisha, kwa kuwa wengi hawakwenda kwa daktari kabisa. Kwa hiyo mwambie mkuu wako kwamba ripoti kamili za vituo zisingempa hata hesabu kamili anayoitaka. Hesabu hiyo hutafutwa kwa uchunguzi wake, na inaweza kusubiri. Maji hayakuweza kusubiri.

Sharti ni moja: theluthi yako iwe ileile kila wiki. Ukikosa theluthi mbili kwa namna isiyobadilika, mstari wa grafu bado utapanda mlipuko ukianza. Lakini wiki hii wakiripoti vituo 10 na wiki ijayo 16, kupanda kwa namba hakukuambii kitu. Andika idadi ya vituo vilivyoripoti pembeni ya idadi ya wagonjwa, kila mara.

Nitajuaje kwamba namba ya leo imepanda kweli na si bahati tu?

Njia moja rahisi inahitaji kikokotoo tu. Chukua siku 7 za nyuma, ukiruka siku 2 zilizotangulia leo. Tuseme wenye kuhara walikuwa 11, 9, 12, 10, 8, 11 na 9. Wastani ni 10. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kama 1.4. Zidisha kwa 3, ongeza kwenye wastani, unapata kizingiti cha 14 na kidogo. Leo wakija 13, endelea na kazi. Wakija 15, simama uangalie.

Zile siku 2 zinarukwa kwa sababu mlipuko mara nyingi huanza polepole. Ukiziingiza, wagonjwa wa mwanzo wa mlipuko watapandisha wastani wenyewe, na kizingiti kitakuwa kinawakimbia.

Angalia pia siku za mapumziko. Kituo kinachofungwa Jumapili kitakuwa na foleni Jumatatu, na hesabu hii itaiona Jumatatu kama mlipuko. Hapo linganisha Jumatatu na Jumatatu zilizopita.

Kengele imelia mara nyingi na kila tukifuatilia hakuna kitu. Tupandishe kizingiti?

Kabla ya hapo, tazameni mnafuatilia vipi. Simu moja kwa mkuu wa kituo si ufuatiliaji. Fungueni rejesta: wagonjwa hao wana umri gani, wanatoka mtaa mmoja au wametawanyika, walianza kuugua siku ipi? Wagonjwa 15 kutoka pande zote, wa rika zote, kwa kawaida ni kelele. Wagonjwa 15 ambao 9 kati yao wanachota maji sehemu moja ni jambo jingine, na hapo sampuli za choo zichukuliwe siku hiyohiyo. Chunguzeni pia kama kuna kilichobadilika upande wenu: karani mpya anayeandika tofauti, au kituo jirani kilichofungwa. Mkishajua chanzo cha kengele za bure, rekebisheni chanzo. Kupandisha kizingiti kunanunua utulivu kwa siku za kuchelewa, na mimi naona ni bei mbaya.

Kuna ugonjwa ambao lazima kuhesabu kila mgonjwa bila kumkosa hata mmoja?

Upo. Polio ndio mfano ulio wazi. Takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa hupooza, kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza anaashiria mamia ya walioambukizwa bila kupooza. Vituo teule vichache vingemkosa kirahisi.

Ndiyo maana hutafutwa kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea viungo ghafla, kwa sababu yoyote ile, na kuchukuliwa sampuli mbili za choo kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipopooza. Hapa dalili na hesabu kamili zimeunganishwa. Uthibitisho kwamba utafutaji unafanya kazi ni watoto waliolegea viungo ambao hawana polio: kila mwaka lazima apatikane angalau 1 kwa kila watoto 100,000. Eneo lisiloripoti mtoto yeyote aliyepooza halihesabiwi kuwa salama. Linahesabiwa kuwa halijatafuta.